Sura ya 5: Mteja Asiye na Tarehe

Muuzaji anapomwambia mteja "nitakupigia Jumanne", ahadi hiyo inahitaji mahali pa kuandikwa ambapo mtu mwingine anaweza kuiona. Katika timu nyingi ndogo mahali hapo hapapo. Ahadi imo kichwani mwa aliyeitoa, au imezama WhatsApp chini ya jumbe za siku tatu, au iko kwenye daftari ambalo leo limebaki nyumbani. Jumanne inapita. Mteja hakasiriki wala halalamiki. Anaulizia bei kwa mwingine.

Timu ikiamua kurekebisha hali hii, mara nyingi huanza kwa kuunda orodha: majina, namba za simu, mahali wanapokaa. Baada ya wiki mbili orodha ina watu mia moja na hakuna anayeifungua, kwa sababu haimwambii mtu yeyote afanye nini leo asubuhi. Jedwali la kufuatilia wateja linasimama au kuanguka kwenye safu moja tu, nayo ni tarehe ya hatua inayofuata. Safu nyingine zote zipo ili kuihudumia hiyo. Sura hii inaonyesha jinsi ya kulijenga jedwali la namna hiyo kwenye Google Sheets, ambayo haina malipo na inafunguka kwenye simu za wauzaji wote kwa wakati mmoja, kisha inaeleza ni lini inafaa kuliacha na kuhamia kwenye mfumo wa CRM.

Tuchukue timu ya mfano: mwenye biashara na wauzaji watatu, Morogoro mjini, wanauza pampu za maji zinazotumia sola. Nimechagua biashara hii kwa sababu mauzo yake hayaishi siku moja. Mkulima wa mpunga wa Dakawa anaulizia bei Januari, anataka fundi aje kupima kisima Februari, anapewa profoma, halafu ananyamaza mpaka avune na auze. Shule inasubiri kikao cha bodi. Mwenye nyumba ya wageni anasubiri amalize kuezeka. Wote hao ni wateja hai, lakini kila mmoja ana kalenda yake, na hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kuzibeba kalenda arobaini kwa pamoja. Duka la rejareja, ambako mtu hulipa na kuondoka na mzigo wake, halina haja na mfumo huu. Lenyewe linahitaji hesabu nzuri ya stoo.

Fungua faili jipya na uipe shiti ya kwanza jina Wateja. Mstari wa kwanza uwe na vichwa vya safu kwa mpangilio huu: Simu, Jina, Mahali, Anachotaka, Thamani, Hatua, Mhusika, Kinachofuata, Tarehe. Hizo ni safu tisa, kuanzia A hadi I. Utatamani kuongeza barua pepe, jinsia, siku ya kuzaliwa, chanzo cha mteja, na mengine mengi. Jizuie. Muuzaji anayejaza akiwa amesimama shambani, jua linamulika kioo cha simu, atajaza safu tisa. Zikiwa kumi na saba ataacha zote mpaka "akifika ofisini", na akifika ofisini hajazi.

Simu imewekwa mwanzo kwa makusudi. Kwetu namba ya simu ndiyo kitambulisho cha mteja. Majina hayafai kazi hiyo. Mama Neema wanaweza kuwa watatu, na mteja huyo huyo muuzaji mmoja atamwandika kwa jina lake, mwingine kwa jina la shule yake. Lakini namba nayo ina matatizo yake. Ukiandika namba inayoanza na 07 kwenye seli ya kawaida, jedwali huichukulia kuwa tarakimu za hesabu na kuifuta sifuri ya mwanzo. Dawa yake ni kuchagua safu yote ya A kabla ya kuandika chochote, kisha kwenda Format > Number > Plain text. Baada ya hapo kila kinachoandikwa hubaki kilivyo.

Bado kuna tatizo la pili. Mmoja ataandika namba kwa kuanza na 07, mwingine kwa +255, wa tatu ataweka nafasi katikati. Kwa jedwali hao ni wateja watatu, na kwa mteja hiyo ni aibu: anapigiwa na wauzaji wawili wa kampuni moja wenye bei mbili. Namba za simu za Tanzania, ukiondoa sifuri au 255 ya mbele, zina tarakimu tisa. Kwa hiyo tunaongeza safu moja pembeni, J, tuiite Ufunguo, ambayo hakuna anayeijaza kwa mkono. Inachambua namba yenyewe, inatupa alama na nafasi, na kubakiza tarakimu tisa za mwisho:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(A2,"[^0-9]",""),9)
```

Iandike kwenye J2 na uiburute kwenda chini. Sasa namba zile tatu zinatoa ufunguo mmoja. Ili jedwali likuonyeshe marudio, chagua safu ya J kuanzia J2, nenda Format > Conditional formatting, chagua Custom formula is, na uweke:

```
=AND($J2<>"",COUNTIF($J$2:$J,$J2)>1)
```

Chagua rangi ya chungwa. Muuzaji akimwandika mteja ambaye tayari yupo, seli za Ufunguo za mistari yote miwili zinawaka papo hapo, naye anajua kwamba mwenzake ameshaongea na mtu huyo. Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, ukiweka namba mbili kwenye seli moja, ufunguo huchukua ya mwisho tu, hivyo sheria iwe namba moja kwa seli. Pili, Kenya na Uganda nazo zina tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi. Timu ya Namanga au Mutukula, yenye wateja pande zote mbili za mpaka, iandike namba zote na msimbo wa nchi na kubadilisha 9 iwe 12.

Safu ya Hatua ndiyo inayoharibiwa na wauzaji wengi, na huharibiwa kwa nia njema. Wanaandika "moto", "vuguvugu", "yuko siriasi". Maneno hayo yanapima moyo wa muuzaji. Muuzaji mwenye matumaini ana wateja kumi na wawili walio moto, mwenzake mwenye tahadhari ana wawili, na mwisho wa mwezi wote wameuza sawa. Hatua ipimwe kwa kitu ambacho mteja amekwisha kukifanya na kinachoweza kuonekana. Kwa wauza pampu wetu hatua ni sita: Ameuliza, Amepimwa, Ana profoma, Ametanguliza, Amelipa, Ameacha. "Amepimwa" maana yake fundi ameruhusiwa kufika kisimani na vipimo vipo. "Ametanguliza" maana yake malipo ya awali yameingia kwenye akaunti ya biashara, na ahadi ya kulipa kesho haihesabiki. Watu wawili wakimtazama mteja mmoja, lazima wamweke kwenye hatua ile ile. Wakitofautiana, tatizo liko kwenye jina la hatua, nalo libadilishwe.

Maneno hayo sita yasiandikwe kwa mkono. Chagua safu ya F, nenda Data > Data validation, ongeza sharti la Dropdown, andika hatua zako, na katika chaguo za chini weka Reject the input. Ukiacha watu waandike wenyewe utapata "Ana proforma", "anaprofoma" na "PROFOMA", na fomula itakayohesabu mojawapo haitayaona mengine. Fanya vivyo hivyo kwa safu ya Mhusika, yaani G, yenye majina ya wauzaji. Mhusika awe mmoja kwa kila mteja. Mstari wenye majina mawili ni mstari ambao kila mmoja anadhani mwenzake amepiga.

Sasa tumefika kwenye safu mbili za mwisho, H na I. Kinachofuata ni tendo letu sisi, linaloanza na kitenzi, ambalo mtu mwingine akilisoma anaweza kulitekeleza bila kuuliza. "Anasubiri bodi" halifai, maana linaeleza anachofanya mteja. "Kumpigia" linafaa kidogo. "Kumpigia mhasibu kuuliza bodi imeamua nini kuhusu profoma" ndilo lenyewe. Tarehe ni siku ya kulifanya tendo hilo. Na hapa ndipo palipo sheria ambayo mwenye biashara asiilegeze hata kwa muuzaji wake bora: mteja yeyote ambaye hatua yake si Amelipa wala Ameacha, lazima awe na tarehe ya leo au ya mbele. Kama huoni tarehe ya kumwekea, basi pengine ameacha, nawe uandike hivyo.

Kabla hujaijaza safu ya I, rekebisha mambo mawili. La kwanza, nenda File > Settings na uangalie Locale. Ikiwa imewekwa United States, ukiandika 03/04/2026 ukimaanisha tarehe tatu Aprili, jedwali litaelewa Machi nne, na litakubali kimya kimya. Weka United Kingdom, inayosoma siku kabla ya mwezi kama sisi. La pili, iwekee safu hiyo sharti la Data validation la Is valid date, na hapo pia Reject the input. Sababu yake utaiona punde.

Shiti ya pili ipe jina Leo. Hii ndiyo wauzaji wataifungua kila asubuhi, na ndani yake kuna fomula moja tu, kwenye seli ya A2:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(Wateja!A2:I,
  Wateja!I2:I<>"",
  Wateja!I2:I<=TODAY(),
  Wateja!F2:F<>"Amelipa",
  Wateja!F2:F<>"Ameacha"),9,TRUE),"Hakuna")
```

Inachokifanya ni hiki: inavuta kila mteja ambaye tarehe yake ni leo au imepita, isipokuwa waliolipa na walioacha, na kuwapanga kuanzia aliyechelewa zaidi. Sharti la kwanza, linaloondoa seli tupu, linaonekana kama la ziada lakini ni la lazima, maana seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe yoyote. Bila sharti hilo, mistari mitupu yote ya shiti ingemwagika kwenye orodha.

Lakini kuwaondoa wasio na tarehe kunaleta hatari nyingine: wanapotea machoni. Kwa hiyo tengeneza shiti ya tatu, Yatima, yenye fomula ya kuwanasa hao tu:

```
=IFERROR(FILTER(Wateja!A2:I,
  Wateja!A2:A<>"",
  NOT(ISNUMBER(Wateja!I2:I)),
  Wateja!F2:F<>"Amelipa",
  Wateja!F2:F<>"Ameacha"),"Hakuna")
```

Angalia kwamba haiulizi kama seli ni tupu. Inauliza kama ndani yake hamna tarehe ya kweli. Google Sheets huitunza tarehe kama namba. Muuzaji akiandika "kesho" au "wiki ijayo", hayo ni maneno, na maneno hayawezi kulinganishwa na leo. Mteja huyo hatatokea kwenye shiti ya Leo kamwe, ingawa mstari wake unaonekana umejazwa vizuri. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote katika majedwali ya namna hii, kwa sababu haitoi onyo lolote. Unaweza kuitambua kwa jicho pia: tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto. Lile sharti la Is valid date huzuia mengi ya makosa haya, ila mtu akinakili seli kutoka kwingine na kuibandika, sharti linaweza kufutika. Shiti ya Yatima inabaki kuwa mlinzi wa mwisho, na lengo ni iwe na neno moja tu: Hakuna.

Shiti ya nne na ya mwisho ni Mazungumzo. Ina tarehe, simu, nani aliongea, na mteja alisema nini. Kila simu au ziara ni mstari mpya chini ya uliopita, na mistari ya zamani haiguswi. Wengi hujaribu kuweka haya kwenye safu ya "maoni" ndani ya shiti ya Wateja, na matokeo yake ni kwamba kila muuzaji anafuta maneno ya jana ili kuandika ya leo, au seli inajaa mpaka haisomeki. Historia ya mteja inataka mahali pake.

Tuone jinsi vyote vinavyofanya kazi pamoja. Jumanne tarehe 3 Februari 2026 mhasibu wa shule ya bweni iliyoko Kilosa anapiga simu kuulizia pampu. Muuzaji anayepokea anamuuliza maswali manne ya kazi hii: kisima kina mita ngapi, maji yanasimama mita ngapi kutoka juu, tangi limeinuliwa mita ngapi, na shule inatumia lita ngapi kwa siku. Mhasibu anajua mawili tu. Muuzaji anaandika mstari: hatua ni Ameuliza, Thamani inabaki tupu, Kinachofuata ni "Kumpeleka fundi kupima kisima na kimo cha tangi", tarehe 10 Februari.

Tarehe 10 fundi anakwenda. Kisima kina mita 60, maji yanasimama mita 22, na shule inahitaji lita 8,000 kwa siku. Hatua inakuwa Amepimwa, na kinachofuata ni kuandaa profoma kabla ya tarehe 12. Profoma inatoka kwa shilingi 6,400,000. Hapo ndipo safu ya Thamani inajazwa, tarakimu tupu bila "Tsh" wala "6.4m", kwa sababu jedwali halijumlishi maneno. Mhasibu anasema bodi inakaa Jumamosi tarehe 14 Machi. Muuzaji dhaifu angeandika tarehe 19 Februari na kumpigia kila wiki kuuliza kama wameamua, jambo linalomchosha mteja. Muuzaji wetu anaandika Jumatatu tarehe 16 Machi: "Kumpigia mhasibu kuuliza bodi imeamua nini". Kwa mwezi mzima shule ile haionekani kwenye shiti ya Leo, na ndivyo inavyotakiwa. Jedwali limemruhusu muuzaji aisahau kwa usalama.

Jumatatu ya tarehe 16 muuzaji huyo anaumwa malaria. Katika mfumo wa kukumbuka kwa kichwa, shule ingepotea hapo. Saa mbili asubuhi mwenye biashara anafungua Leo na wauzaji wawili waliobaki. Mstari wa shule upo pale. Mmoja wao anatafuta namba ya mhasibu kwenye Mazungumzo, anasoma yaliyosemwa, anapiga. Bodi imekubali, ila inataka kulipa nusu sasa na nusu Julai, ada za muhula wa pili zikianza kuingia. Kwa kuwa vipimo na bei viko mbele yake, muuzaji wa pili hamwombi mhasibu aanze kusimulia upya. Anaandika: "Kumtumia profoma ya awamu mbili iliyoidhinishwa na bosi", tarehe 17 Machi. Mstari unatoka kwenye orodha ya leo na kuingia kwenye ya kesho.

Kikao hicho cha asubuhi kisizidi dakika kumi na tano, na kifanyike jedwali likiwa wazi mbele ya wote. Mstari mmoja baada ya mwingine: nani anapiga, saa ngapi. Kisha Yatima. Kisha watu watoke wakauze. Mwenye biashara asikigeuze kuwa mahakama, maana siku wauzaji watakapoona jedwali linatumika kuwaaibisha, wataanza kusogeza tarehe mbele ili orodha ionekane safi. Udanganyifu huo una dalili: tarehe kwenye Wateja imehama kutoka wiki hii kwenda ijayo, lakini kwenye Mazungumzo hakuna mstari mpya wa mteja huyo. Ukiziona dalili hizo kwa muuzaji mmoja, ongea naye faraghani. Ukiziona kwa wote, idadi ya wateja waliopewa inawazidi, na wengine inabidi wahamishiwe Ameacha.

Kuhusu Ameacha, naomba msomaji asiionee haya. Timu inayoogopa kumfunga mteja hubaki na mistari mia mbili ambayo mia moja na hamsini imekufa, na iliyo hai inafunikwa. Ongeza safu ya K, Sababu, yenye orodha fupi ya kuchagua: bei, amenunua kwingine, hana fedha mwaka huu, kisima hakifai, hapokei simu. Kwa mkulima aliyekosa fedha kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya, usimfunge; mwekee tarehe ya baada ya mavuno yajayo. Aliyeacha kwa bei yuko tofauti, na baada ya miezi michache safu hiyo itakuambia kama kweli bei zenu ndizo zinazowakimbiza watu au ni kisingizio cha wauzaji.

Usalama wa jedwali hili unahitaji maneno machache. Faili lifunguliwe kwa akaunti ya biashara, isiwe Gmail binafsi ya muuzaji, kwa sababu siku akiacha kazi ataondoka na wateja wote bila hata kukusudia. Katika kitufe cha Share, mwongeze kila muuzaji kwa anwani yake na uache sehemu ya General access ikiwa Restricted. Ukichagua Anyone with the link, kiungo kikivuja kwenye kundi lolote namba za wateja wako ni mali ya wote. Zifunge shiti za Leo na Yatima kwa Data > Protect sheets and ranges ili fomula isifutwe kwa kidole kilichoteleza. Mtu anayetaka kuona wateja wake peke yake atumie Data > Create filter view, maana kichujio cha kawaida kinawafichia na wenzake mistari, na ndipo kelele za "nani kafuta wateja wangu" zinapoanza. Kama kweli kuna kilichofutwa, File > Version history huyarudisha ya jana. Na kisheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Namba na jina la mteja ni taarifa binafsi. Usizitumie kwa jambo ambalo hakukupa kwa ajili yake, wala usimgawie mfanyabiashara mwenzako orodha hiyo.

Jedwali hili litaitosha timu ya watu wanne kwa muda mrefu kuliko wauza programu wanavyopenda kukuambia. Litaanza kulemewa ukiona mambo fulani: wauzaji wamefika saba au wanane na wanagongana kwenye mistari, mteja mmoja ana maombi mawili tofauti kwa wakati mmoja, kama shule inayotaka pampu na pia taa za bwenini, na mstari mmoja haumtoshi, au unahitaji kila muuzaji aone wateja wake tu, jambo ambalo Google Sheets haiwezi kulilinda kikamilifu. Hapo ndipo CRM ina maana. Kwa timu ndogo zaidi, Zoho CRM ina toleo la bure la watumiaji watatu, na HubSpot nayo ina toleo la bure.

Kuhama kwenyewe ni rahisi kwa sababu ulichojenga tayari kina umbo la CRM: shiti ya Wateja unaipakua kwa File > Download kama CSV, na hatua zako sita zinakuwa hatua za mfumo mpya. Lakini kuna mtego unaotuhusu sisi zaidi ya wengine. Mifumo mingi ya aina hii imeundwa kwa ajili ya nchi ambazo kila mteja ana barua pepe. HubSpot, kwa mfano, humtambua mtu kwa barua pepe yake. Ukimwingiza mkulima wa Dakawa mwenye simu tu mara mbili, mfumo utamweka mara mbili bila kusita. Kwa hiyo safisha marudio kwenye jedwali kabla ya kupakua, hamisha na safu ya Ufunguo, na uulize mapema kama mfumo unaweza kukataa ufunguo unaojirudia. Anza na wateja hai pekee. Waliolipa na walioacha wabaki kwenye faili la zamani kama kumbukumbu. Na uendeshe vyote viwili sambamba kwa wiki moja au mbili, ukilinganisha kila asubuhi orodha ya Leo na ile ya mfumo mpya. Zikitofautiana, pengine kuna tarehe zilizoingia kama maneno.

Kabla hujalipia mfumo wowote, mwombe anayekuuzia akufungulie skrini mbili kwa kutumia wateja wako mwenyewe: wanaopaswa kuguswa leo, na wale wasio na tarehe. Ya kwanza wote watakuonyesha. Ikiwa ya pili hawezi kuitengeneza mbele yako, baki na jedwali lako.